Fomu ya mawasiliano ya kampuni ya utalii: nibaki na Contact Form 7, nihamie Google Forms, au niweke WhatsApp tu?

BintiMarangu

Wakuu habari za jioni. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliowahi kupita huku, na mnivumilie kwa maelezo marefu.

Shangazi yangu ana kampuni ndogo ya utalii hapa Moshi. Wanaojibu wageni ni watatu: mmoja anashughulikia kupanda Kilimanjaro, mmoja safari za mbugani, na shangazi mwenyewe anapanga Zanzibar na malipo. Tovuti ni WordPress, fomu ni Contact Form 7, inakaa kwenye hosti ya kawaida yenye cPanel, na barua pepe za ofisi ziko Google Workspace. Niliitengeneza mwenyewe miaka mitatu iliyopita.

Shida ni mbili. Ya kwanza ni spamu: kila siku zinaingia thelathini hadi arobaini, wauza huduma za kupandisha tovuti Google, mikopo, kamari, nyingine zimeandikwa Kirusi. Ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Mwezi uliopita mgeni alipiga simu kutoka ng'ambo akilalamika kwamba amejaza fomu mara tatu na hajajibiwa. Nimepekua kikasha chote hadi folda ya Spam, hakuna kitu. Yeye anasema aliona maandishi ya kijani kwamba ujumbe umetumwa. Yaani taka zinafika, mteja hafiki.

Nina njia tatu mezani. (a) Kubaki na Contact Form 7 na kuongeza kapcha. (b) Kuitoa na kuweka Google Forms. (c) Kutoa fomu kabisa na kuweka kitufe cha WhatsApp. Shangazi anataka hiyo ya tatu. Nyinyi mngefanyaje?

---

Kiprono_Eldy

Dada, usijisumbue na mengi. Weka reCAPTCHA v3 kwenye hiyo hiyo Contact Form 7, ina sehemu yake kabisa kwenye menyu ya Integration. Mgeni habofyi picha za taa za barabarani wala baiskeli, inafanya kazi chini kwa chini. Mimi niliweka kwa mteja Eldoret, spamu ikaisha wiki hiyo hiyo. Ukishaondoa taka, barua za kweli utaziona.

---

MamaVitenge_Mwanza

Mwanangu, msikilize shangazi yako. Mimi nauza vitenge na mashuka, nilikuwa na fomu kwenye tovuti mwaka mzima, nikapata oda nne. Nikaweka WhatsApp, sasa oda ninazopata kwa siku moja ni nyingi kuliko za mwaka ule. Mteja anataka kuona picha, anauliza bei, anatuma muamala, mzigo unaondoka. Fomu ni ya nini?

---

FundiSeva

BintiMarangu, kabla ya kuchagua kati ya hizo tatu, tutafute kwanza huyo mgeni alipotelea wapi. Kiprono yuko sahihi kuhusu roboti, lakini kapcha haiwezi kurudisha barua ambayo haikufika. Hizo ni shida mbili zilizokutana kwenye fomu moja.

Nenda Contact, fungua fomu, ingia kichupo cha Mail, utuambie mstari wa From umeandikwaje. Kisha umuulize yule mgeni alitumia anwani ya barua ya kampuni gani.

---

BintiMarangu

Shikamoo fundi. Mstari wa From ni `[your-name] <[your-email]>`. Niliuweka hivyo makusudi ili ofisi wakibofya Reply barua iende moja kwa moja kwa mgeni. Mgeni alitumia Yahoo.

Mama Mwanza, nimekusikia, nitarudi kwako.

---

FundiSeva

Marahaba. Basi tumempata.

Fomu yako inatuma barua kutoka kwenye seva ya hosti, lakini inajitambulisha kuwa inatoka kwa mtu wa Yahoo. Tangu 2014 Yahoo wametangaza kwenye rekodi yao ya DMARC kwamba barua yoyote yenye jina lao ambayo hawakuituma wao ikataliwe. Andika amri hii kwenye kompyuta uone mwenyewe:

```
dig +short TXT _dmarc.yahoo.com
```

Utasoma `p=reject`. Google wanapopokea barua ya fomu yako wanaisoma rekodi hiyo na kuitii. Barua haiingii hata kwenye folda ya Spam, inakataliwa mlangoni. WordPress nayo haijui lolote, kwa sababu kazi yake iliisha pale seva ya hosti ilipoipokea barua, ndiyo maana mgeni aliona maandishi ya kijani.

Sasa angalia jambo hili kwa makini, maana ndilo linaloeleza kwa nini taka zinafika. Roboti wengi wanajaza anwani za domeni za ovyo ambazo hazina rekodi ya DMARC. Hakuna aliyetangaza zikataliwe, kwa hiyo zinapita. Umejikuta na kichujio kilichogeuka: kinazuia watu wa kweli wenye barua zinazolindwa na kinaruhusu wasiojulikana.

Barua zilizokataliwa hazijapotea moja kwa moja. Seva ilipokataliwa ilirudisha taarifa kwa aliyeituma kweli, ambaye kwa kawaida ni akaunti kuu ya cPanel, ile yenye jina unaloingilia. Fungua cPanel, nenda Email Accounts, kule kuna akaunti inayoitwa ya mfumo, bonyeza Check Email. Watu wengi hawajawahi kufungua kikasha hicho. Tafuta humo neno `5.7.26`.

---

BintiMarangu

Fundi, mikono inanitetemeka. Nimefungua. Kuna barua 1,100 na ushee, za miaka mitatu. Nyingi ni za mfumo na za taka, lakini nimetafuta kama ulivyosema na nimekuta 63 zenye maneno haya:

```
550-5.7.26 Unauthenticated email from yahoo.com is not accepted
due to domain's DMARC policy.
```

Nyingine ni za aol.com na za domeni za makampuni. Chini ya kila moja kuna ujumbe mzima wa mgeni. Yule aliyepiga simu yumo, mara tatu. Yuko mwingine wa watu sita waliotaka njia ya Lemosho, siku nane, na aliandika mwezi wa pili. Nimezichapisha zote, shangazi ameketi anazisoma moja moja.

---

MamaVitenge_Mwanza

Pole sana mwanangu. Pole na shangazi.

---

FundiSeva

Pole. Wa miezi ya karibuni waandikieni leo, kuna watakaojibu. Anayeulizia safari huwa anauliza kampuni kadhaa na kuchukua muda kuamua.

Marekebisho ni haya. Tengeneza anwani kwenye domeni yenu wenyewe kwa ajili ya fomu, kisha uiweke hiyo kama mtumaji. Anwani ya mgeni ihamie kwenye Reply-To, na kile ulichokitaka tangu mwanzo kitapatikana: ofisi wakibofya Reply, barua inakwenda kwa mgeni.

```
From: Tovuti <fomu@example.com>
Additional headers: Reply-To: [your-email]
```

Halafu usiiache barua itumwe na seva ya hosti. Weka plagini ya SMTP, mfano WP Mail SMTP, uiunganishe na akaunti yenu ya Workspace, ili Google wenyewe waitume na kuitia sahihi ya DKIM ya domeni yenu. Hakikisha tu DKIM imewashwa kwenye Admin ya Google, kwa sababu nimekuta ofisi nyingi zimelipia Workspace miaka na hawajawahi kuibonyeza.

Ukishamaliza jaza fomu kwa anwani ya Yahoo, si ya kwako ya Gmail. Barua ikifika, bonyeza vidoti vitatu, kisha Show original. SPF, DKIM na DMARC zote zisome PASS. Hapo ndipo umemaliza, si pale maandishi ya kijani yanapotokea.

La mwisho kwa leo, weka plagini ya Flamingo. Aliyetengeneza Contact Form 7 ndiye aliyeitengeneza. Contact Form 7 peke yake haihifadhi chochote: ikituma imesahau. Flamingo inaandika kila ujumbe kwenye hifadhidata ya tovuti, uwe umetumwa, umeshindikana au umehesabiwa kuwa spamu. Ungekuwa nayo, wale 63 ungewaona siku ile ile.

---

Wanjiku_Hosting

Naongeza kisa kimoja kwa atakayesoma baadaye na hali yake isifanane na hii. Mimi mteja wangu wa Nakuru alikuwa ameandika From vizuri kabisa na bado fomu haikufika ofisini, huku ukiituma kwenye Gmail ya mtu binafsi inafika. Walikuwa wamehamisha barua kwenda Google lakini cPanel haikuambiwa. Ukurasa wa Email Routing ulikuwa bado uko Local Mail Exchanger, kwa hiyo seva ilidhani domeni ile ni yake, ikaweka barua nyumbani kwake na Google hawakuziona kamwe. Ukibadilisha kuwa Remote Mail Exchanger inakwisha. Dalili yake ni hiyo: barua za nje zinakuja ofisini vizuri, za tovuti yenyewe tu hazifiki.

---

Kiprono_Eldy

Nakubali, nilikimbilia kapcha kabla ya kusoma swali lote. Lakini bado spamu arobaini kwa siku ni nyingi, na mkirekebisha From sasa zitafika zote vizuri zaidi. Kapcha anaihitaji.

---

FundiSeva

Hapo umesema kweli kabisa, na ni jambo watu husahau. Zikishatumwa na Google kwa sahihi ya domeni yenu, taka nazo zinapata sahihi hiyo. Ukiziripoti kuwa spamu ndani ya Gmail unajiripoti mwenyewe. Kwa hiyo zizuiwe kabla barua haijatumwa.

Mimi huanza na kisanduku cha mtego. Unaongeza kisanduku kimoja ambacho binadamu hakioni, roboti anakijaza kwa sababu hujaza kila kitu. Kikiwa na maandishi, ujumbe unahesabiwa taka. Kuna plagini ya kuongeza mtego huo kwenye Contact Form 7. Ila kisanduku hicho usikipe jina kama `phone2` au `company`, maana kivinjari cha mgeni hujaza chenyewe visanduku vya majina kinayoyajua, na utamtupa mteja ambaye hakugusa kitu. Kipe jina lisilo na maana.

Mtego ukibakiza wengi, ongeza Turnstile, kapcha ya Cloudflare. Ni bure, na Contact Form 7 katika matoleo mapya inaiunganisha kwenye Integration kama ilivyo reCAPTCHA. Sababu yangu ya kuipendelea ni kwamba reCAPTCHA v3 haimwulizi mgeni swali. Inampa alama kati ya 0.0 na 1.0, na akiwa chini ya kiwango chako anatupwa bila njia ya kujitetea. Ukiitumia, basi kila Ijumaa fungua folda ya spamu ya Flamingo uangalie nani amekataliwa.

---

Kiprono_Eldy

Kwa mteja wangu sijawahi kuangalia hiyo folda. Hata Flamingo hana. Kesho naweka.

---

ZainabuM

Habari zenu. Mimi naitetea Google Forms kidogo, maana hakuna aliyeigusa na ndiyo tunayotumia kwenye kituo chetu cha mafunzo Morogoro.

Uzuri wake ni kwamba majibu yanaingia kwenye jedwali la Sheets hapo hapo. Barua ifike isifike, jibu lipo. Hiyo shida ya From haiwezi kutokea. Ubaya wake ni kwamba yenyewe haijui kugawa: taarifa inakwenda ile ile kwa kila mhariri wa fomu aliyeiwasha, basi. Tukaandika msimbo mfupi kwenye Apps Script wa kuangalia jibu na kutuma kwa mhusika:

```
function gawa(e) {
  var aina = e.namedValues['Unataka nini?'][0];
  var kwa = {
    'Kilimanjaro': 'mlima@example.com',
    'Safari': 'safari@example.com'
  };
  MailApp.sendEmail(kwa[aina] || 'ofisi@example.com',
    'Ombi: ' + aina, JSON.stringify(e.namedValues));
}
```

Unaufunga kwenye jedwali kwa kichocheo cha "On form submit". Ile sehemu ya `|| 'ofisi@example.com'` msiiache. Mtu wetu mmoja alibadilisha neno moja kwenye orodha ya majibu, msimbo ukakosa kulilinganisha, na bila hiyo anwani ya akiba barua zisingekwenda popote.

Tahadhari mbili tulizojifunza kwa maumivu. Kichocheo kinaendeshwa kwa akaunti ya aliyekiweka. Aliyekiweka kwetu aliacha kazi, akaunti yake ikafungwa, barua zikakatika na hatukujua kwa siku tisa. Na akaunti ya Gmail ya kawaida inaruhusiwa kutuma barua kwa njia ya script kwa wapokeaji 100 tu kwa siku. Ya Workspace ni 1,500. Spamu zikivamia fomu, hizo 100 zinaliwa na taka kabla ya saa nne asubuhi.

---

BintiMarangu

Asante dada Zainabu. Kumbe nayo inavamiwa? Nilidhani Google wana kinga yao.

---

ZainabuM

Inavamiwa, hasa kiungo kikishakaa wazi kwenye tovuti. Kinga kamili ni kumlazimisha mjazaji aingie na akaunti ya Google, na mtalii wa Ujerumani anayetumia barua ya kampuni nyingine hutampata tena. Na kwa kusema ukweli wangu, ile sura ya Google Forms kwenye tovuti ya safari ya maelfu ya dola inapunguza imani. Kwa kituo chetu haidhuru. Kwa shangazi yako nisingeiweka.

---

Nassor_Maskati

Assalaam aleikum. Mimi si fundi, ni msafiri. Nakaa Maskati, na kila mwaka naleta familia Unguja na mara moja moja bara. Naomba mnisikilize upande wa mjazaji.

Fomu nyingi za huko nyumbani zinakataa namba yangu. Namba ya Oman ina tarakimu nane, ukiongeza +968 mbele. Fomu inaniambia namba si sahihi, inataka kumi. Mwaka jana kuna hoteli moja niliiacha kwa sababu hiyo hiyo, nikaenda jirani yake.

---

BintiMarangu

Waleikum salaam kaka Nassor. Nimeenda kuangalia ya kwetu baada ya kusoma ujumbe wako. Ni aibu:

```
[tel* simu minlength:10 maxlength:10]
```

Niliifikiria namba ya 07 tu. Mgeni wa nje hawezi hata kumaliza kuandika namba yake, na hata +255 kamili haingii. Wageni wetu karibu wote wanatoka nje!

---

FundiSeva

Asante kaka Nassor, hilo lisingeonekana na sisi tuliokaa nyuma ya seva. Namba ya kimataifa haizidi tarakimu 15, lakini watu huweka nafasi na mabano. Weka `maxlength:20`, ondoa `minlength`, na uondoe hiyo nyota ili simu isiwe lazima. Anwani ya barua iwe lazima, simu iwe hiari.

Na visanduku vingine unavyo vingapi?

---

BintiMarangu

Kumi na nne. Jina, barua, simu, nchi, umri, uzito, tarehe ya kufika, ya kuondoka, idadi ya watu, namba ya pasipoti, chakula, magonjwa, umetusikia wapi, na ujumbe.

---

FundiSeva

Pasipoti na magonjwa yatoe leo. Ukishaweka Flamingo, kila kitu kitakaa kwenye hifadhidata ya tovuti, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya zina uzito wake kwenye sheria hiyo. Mwongoza mlima anazihitaji kweli, lakini anazihitaji baada ya mgeni kukubali safari, si siku anapouliza bei.

Bakiza jina, barua, simu kwa hiari, mwezi wa safari, idadi ya watu, na ujumbe. Kisha kisanduku kimoja cha kuchagua anataka nini, na hicho ndicho kitakachogawa:

```
[select idara "Kilimanjaro|mlima@example.com" "Safari|safari@example.com" "Zanzibar|pwani@example.com"]
```

Kwenye Mail unaandika `[idara]` kwenye To. Mgeni anaona neno la kushoto, barua inakwenda kwenye anwani ya kulia, na anwani hizo hazionekani kwenye ukurasa. Ukitaka neno alilochagua liingie kwenye kichwa cha habari, andika `[_raw_idara]`.

---

BintiMarangu

Fundi, hapo ndipo penye ugumu wangu. Wageni wetu wengi wanataka vyote vitatu. Anapanda mlima, anashuka, anakwenda Ngorongoro, anamalizia Nungwi. Atachagua nini?

---

Wanjiku_Hosting

Mimi nisingegawa kwa idara hata kidogo. Mgeni anachagua cha kwanza kwenye orodha na kuendelea. Mtu wa mlima atapata barua ya mgeni anayetaka vyote, atajibu ya mlima tu, na Zanzibar ataiuza mwingine.

Kwa kuwa tayari mnalipia Workspace, tengenezeni Google Group moja na muiwashe kama Collaborative Inbox. Barua zote zinaingia humo, wote watatu wanaziona, mmoja anajipangia mazungumzo na wengine wanaona jina lake. Akimaliza anayafunga. Kuweni waangalifu na mambo mawili tu: ruhusu watu wa nje kuandika kwenye kundi hilo, la sivyo mgeni akijibu barua anakataliwa, na muwe mnaangalia sehemu ya Pending, kwa sababu Groups huzuia huko ujumbe inaoudhania ni spamu na haikupigii kelele.

---

FundiSeva

Sikubaliani moja kwa moja, dada Wanjiku. Nimeona vikasha vya pamoja ambavyo kila mtu aliamini mwenzake amejibu. Barua yenye mwenyewe mmoja, jina lake likiwa juu, hujibiwa. Ningeongeza chaguo la nne, "Mchanganyiko", liende kwa shangazi, na yeye ndiye anayegawa.

---

Wanjiku_Hosting

Na shangazi akiwa mlimani au anaumwa siku tatu?

---

MamaVitenge_Mwanza

Ndiyo maana nasema WhatsApp!

---

BintiMarangu

Mama, sasa nimekufikia. Tulijaribu kitufe cha `wa.me` wiki mbili kwenye ukurasa wa Zanzibar. Watu wanaandika, tena kwa haraka. Lakini anayeandika ni "Hi, price?", halafu shangazi anauliza mwezi gani, watu wangapi, siku ngapi, na kwa sababu Amerika wanalala sisi tukiwa kazini, maswali matatu yanachukua siku tatu. Aliyejaza fomu amekwisha kusema yote. Na mazungumzo yote yako kwenye simu ya shangazi, siku betri ikiisha ofisi nzima imefungwa.

---

MamaVitenge_Mwanza

Hilo la maswali sikulifikiria. Mteja wangu anataka kitenge kimoja, hana siku nane za kupanga. Lakini usikiondoe mwanangu. Weka maneno ndani ya kitufe. Mjukuu wangu aliniwekea, mteja akibofya anakuta sentensi imeshaandikwa, anaongeza tu jina la kitambaa.

---

ZainabuM

Hiyo ni kweli, kiungo chenyewe kinabeba maneno. Namba iandikwe na 255 mbele, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Mwezi:%20Watu:%20Siku:
```

Na WhatsApp Business inaruhusu kuunganisha vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, kwa hiyo laptopu za ofisi zote zinaweza kuona mazungumzo.

---

Kiprono_Eldy

Swali la ziada kwa fundi. Ile barua ya moja kwa moja ya "asante tumepokea ujumbe wako", Mail (2), aiweke?

---

FundiSeva

Kwanza asiiweke. Roboti anaweza kujaza fomu kwa anwani ya mtu asiyehusika, na tovuti yako ikamtumia huyo mtu barua asiyoiomba, tena mara mia. Mbaya zaidi ni ile inayomrudishia mjazaji nakala ya ujumbe wake: hapo tangazo la kamari linasafirishwa na domeni ya shangazi, kwa sahihi yake. Domeni ikishachafuka, hata majibu ya kweli kwa wageni yataanza kuangukia Spam. Aiweke baada ya mtego na Turnstile kufanya kazi wiki kadhaa, na ndani yake yasiwemo maneno yoyote aliyoandika mjazaji.

---

BintiMarangu

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili, kama nilivyoahidi kwa ujumbe wa pembeni.

Nimebaki na Contact Form 7. From imerekebishwa, inatumwa kupitia Workspace, na DKIM kweli ilikuwa haijawashwa. Nimejaribu kwa Yahoo ya rafiki yangu, PASS zote tatu. Visanduku vimebaki saba, ukihesabu na kile cha kuchagua. Flamingo ipo. Mtego peke yake ulizikamata nyingi, zikabaki tano au sita kwa siku. Nikaongeza Turnstile, sasa ni moja au mbili, siku nyingine hakuna. Zinazobaki zinaonekana zimeandikwa na binadamu, wale wauza huduma za Google, wanabofya na kuandika kama mgeni. Nimeweka baadhi ya maneno yao kwenye Disallowed Comment Keys ya WordPress kwa kuwa Contact Form 7 inaisoma, lakini nimekuwa mwoga. Niliweka neno "ranking" na likamkamata mgeni halisi aliyeuliza kuhusu kampuni za kupandisha mlima. Nilimwona kwenye spamu ya Flamingo Ijumaa, nikalitoa.

Kwenye kugawa tumefanya nusu kwa nusu. Chaguo la "Mchanganyiko" linakwenda kwenye Group ya wote watatu, mengine yanakwenda kwa mhusika. Bado hatujakubaliana. Wiki hii mgeni mmoja wa mchanganyiko alijibiwa na watu wawili kwa bei mbili tofauti.

Kati ya wale 63, tuliwaandikia 22 wa mwaka huu. Watano wamejibu. Kundi la Lemosho walishapanda na kampuni nyingine, walituandikia kwa upole. Wawili wamelipia, wa Septemba.

---

Nassor_Maskati

Hongereni. Nimejaza fomu yenu sasa hivi, namba yangu imekubali. Desemba tutakuwa watu saba, na nimechagua Mchanganyiko.

---

Wanjiku_Hosting

Binti, bei mbili zimetokea kwa sababu hakuna aliyejipangia mazungumzo kabla ya kujibu. Fungueni barua ya kaka Nassor pamoja leo jioni, mmoja abofye kuichukua mbele ya wengine, kisha utuambie imekwendaje.